"Dirisha alilivunja Juma": kosa au si kosa?

Mama Zuhura, Kisauni: Mwanangu aliulizwa kwenye zoezi, "Nani alivunja dirisha?" Akajibu, "Dirisha alilivunja Juma." Mwalimu kamkata alama, ati mtenda lazima atangulie. Ni haki?

Salim, Majengo: Si haki hata kidogo. Kitu ukikitanguliza ndicho unachokisisitiza. Mtoto alitaka kusisitiza dirisha, basi.

Mwalimu mstaafu, Tudor: Salim, hukumu yako naikubali, sababu siikubali. Dirisha limeshatajwa kwenye swali, ndiyo maana likatangulia. Hiyo -li- ya pili katika "alilivunja" inalirejelea: dirisha lile lile tunalolizungumzia. Jambo jipya ni Juma, naye kawekwa mwisho, panapopata uzito wa sauti. Kwa mdomo hata "Juma alivunja dirisha" lingefaa, maana jina ungelikazia. Kwenye karatasi sauti haipo, na sentensi hiyo yasomeka kama jibu la "Juma alifanya nini?"

Fatma, mtangazaji: Yangu ni ya redioni. Naandika "Likoni kumetokea ajali", mhariri ageuza "Ajali imetokea Likoni". Hiyo ya pili naisikia kama msikilizaji ameshajua kuna ajali, auliza wapi tu.

Salim: Si angeandika "Juma ndiye aliyelivunja" yakaisha? Hapo hapana utata.

Mwalimu mstaafu: Hiyo ni nzito kuliko swali, yawatoa wengine wote. Ongeza "na Ali pia" uone. "Juma alilivunja, na Ali pia" yapita bila taabu. "Juma ndiye aliyelivunja, na Ali pia" yagongana. Na utata upo, wakiwa watu wawili. "Juma ndiye aliyempiga Ali": nani kapigwa? Twasema "kitabu alichokisoma Ali", mtenda akiwa nyuma ya kitenzi, kwa hivyo hapo aliyepigwa aweza kuwa Juma. Njia ya mtoto nayo hukwama papo hapo: ukisema "Ali alimpiga Juma", kila mtu ataelewa Ali ndiye mpigaji. Dirisha lilisalimika kwa sababu a- ya "alilivunja" haiwezi kuwa yake. Kwa watu wawili mimi husema "Ali alipigwa na Juma".

Mwalimu wa darasa la sita, Changamwe: Mzee wangu, kwa heshima, mimi pia hukata. Nikiwaachia, nusu yao huandika "Dirisha alivunja Juma", bila -li-. Kanuni ya mtenda kwanza huwaokoa.

Mwalimu mstaafu: Basi kata pale -li- ilipokosekana, mwanangu. Huyu aliiweka.

Mwalimu wa darasa la sita, Changamwe: Na akienda kwenye mtihani, msahihishaji akiwa na jibu moja tu mbele yake? Kule hatakuwepo wa kumtetea.

Mama Zuhura: Kwani tatizo hapo ni la mtoto, au la hilo jibu moja?