Broka anaonyesha faida ya asilimia 12, hesabu yangu ya shilingi inasema hasara. Nifuate ipi?

Nyuki_Mtulivu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa hesabu, sio wa kuchagua hisa.

Nina akaunti kwa broka wa nje na kila kitu humo ni dola. Mshahara wangu ni shilingi, na hii pesa nitakuja kuitumia kwa shilingi kusomesha watoto. Mwaka jana zilitoka shilingi 307,500 kwenye akaunti yangu ya benki, kwa broka zikaingia dola 1,980. Nikanunua vipande 20 vya mfuko wa hisa kwa dola 98 kila kimoja, zikabaki dola 20. Leo kipande ni dola 110, na app inaonyesha kijani, asilimia 12 na ushee.

Sasa dola yenyewe imeshuka. Siku niliyotuma, kiwango cha kati sokoni kilikuwa shilingi 150, leo ni 132. Nikichukua dola zangu 2,220 nikazidisha kwa 132 napata 293,040, pungufu ya zile nilizotoa mfukoni.

Nataka kutengeneza jedwali ambalo nitaliongezea kila nikituma pesa. Je, nitumie kiwango cha siku ya kutuma au cha leo? Cha benki au cha Google? Na makato ya kutuma niyaingize wapi? Nawasilisha.

Mzee_wa_Safu

Mkuu, tumia kiwango cha leo kwa kila kitu, usijisumbue. Uliingiza dola 1,980, zidisha kwa 132 ni shilingi 261,360. Leo unazo 293,040. Faida ni asilimia 12 ileile ya broka, kwa hiyo hakuna mgongano. Ukichanganya viwango viwili ndipo unapochanganyikiwa.

Halafu kiwango usikiandike kwa mkono, Google Sheets inakivuta yenyewe. Kwenye B1 weka herufi tatu za sarafu yako, kisha:

```
=GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USD"&$B$1)
```

Tarishi

Dola ikiwa chini hivi usiuze kabisa. Subiri irudi 150 ndiyo utoe. Mimi ningeongeza nyingine sasa hivi wakati iko bei rahisi.

Nyuki_Mtulivu

@Tarishi asante ndugu yangu, ila siuzi wala sijauliza kama niuze. Nataka kujua nilipo.

Bi_Daftari

Nyuki, hesabu yako ndiyo iko karibu na ukweli, lakini haijakamilika. Nimefanya kazi ya malipo ya nje kwa muda mrefu, nitaanzia huko.

Kaka Mzee_wa_Safu, formula yako ni nzuri kwa kujua thamani ya leo. Shida ni kuitumia kwa mtaji. Hizo shilingi 261,360 hazijawahi kutoka kwenye akaunti ya mtu yeyote, zilitoka 307,500. Ukizidisha mtaji na thamani ya sasa kwa kiwango kimoja, kiwango kinajifuta chenyewe na unabaki na faida ya dola iliyoandikwa kwa shilingi. Dola ishuke hadi 80, jedwali lako bado litasema faida asilimia 12. Mtaji wa shilingi unaandikwa siku unapotoka na haubadiliki tena.

Makato sasa. Nyuki, toa fomu ya benki ya siku ile uniambie vitu viwili: walikuuzia dola kwa kiasi gani, na ada ya kutuma ilikuwa ngapi.

Nyuki_Mtulivu

Dada, fomu inasema waliniuzia kwa 152, dola 2,000 kamili, yaani shilingi 304,000. Ada ya kutuma 3,500. Kwa broka zimefika 1,980 na sijui zile 20 zilipotelea wapi.

Bi_Daftari

Zile 20 zimekatwa na benki ya njiani. Benki yako haina akaunti moja kwa moja na benki ya broka, hivyo pesa hupitia kwa mwingine naye anachukua chake. Angalia kwenye fomu sehemu ya gharama: kama imeandikwa SHA, wewe unalipa benki yako na makato ya mbele yanatoka kwenye pesa inayosafiri. OUR maana yake unalipa yote wewe mwanzoni. Ukitaka kuhakiki, omba nakala ya ujumbe wa malipo wa SWIFT, zamani ulikuwa MT103, tangu Novemba 2025 ni pacs.008. Sehemu ya kiasi cha malipo kati ya benki, iliyokuwa 32A kwenye MT103, inaonyesha kiasi kilichoondoka benki kwako. Tofauti kati ya hicho na kilichoingia kwa broka ndiyo makato ya njiani. Nakala yenyewe haitakuonyesha makato yaliyofanyika baada ya pesa kuondoka.

Basi safari yako imegharimu hivi. Ada shilingi 3,500. Benki imekuuzia dola kwa shilingi mbili juu ya kiwango cha kati, kwa dola 2,000 hiyo ni 4,000. Dola 20 za njiani kwa 150 ni 3,000. Jumla 10,500, karibu asilimia 3.4 ya pesa yako, kabla hujanunua hata kipande kimoja. Hiyo 4,000 watu wengi hawaioni kwa sababu haiandikwi popote kama ada.

Huna haja ya safu tatu za makato kwenye jedwali. Kila unapotuma andika tarehe, shilingi zilizotoka zote pamoja na ada, dola zilizofika, na kiwango cha kati cha siku hiyo. Gawanya shilingi kwa dola: 307,500 kwa 1,980 ni 155.30. Hicho ndicho kiwango ulichonunulia dola kwa kweli. Sio 150 cha Google, wala 152 cha kwenye fomu.

Kiwango cha kati cha siku hiyo kina kazi nyingine: kutenganisha kilichokuumiza. Dola 1,980 zilipofika zilikuwa na thamani ya shilingi 297,000. Hapo kuna vitu vitatu vya kuzidisha. Hisa na salio vimepanda mara 1.121. Dola imeshuka, mara 0.88. Safari ilibakiza mara 0.966. Zidisha vyote, unapata 0.953, yaani hasara ya asilimia 4.7. Linganisha na 293,040 kwa 307,500, ni jibu lilelile. Majibu mawili yasipolingana, kuna muamala haujauandika.

Usijaribu kujumlisha asilimia, jumlisho halitatoka sawa. Faida ya dola 240 uliyoipata nayo imepigwa na kushuka kwa dola, sio mtaji peke yake.

Mzee_wa_Safu

Nimekuelewa kwenye mtaji, hapo una haki. Lakini kiwango cha kale utakipata wapi kama hukukiandika? Mimi natumia hii, tarehe iko A2:

```
=INDEX(GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USD"&$B$1,"price",A2),2,2)
```

Bi_Daftari

Inafaa. Ila ikishakupa namba, inakili na ubandike thamani tupu kwa Ctrl+Shift+V. Ukiiacha kama formula, siku moja utafungua na kukuta #N/A kwenye mistari ya zamani na jumla yote imevunjika.

Kalamu_na_Dola

Kwangu ni tofauti. Mimi nafanya kazi za mtandaoni, nalipwa dola na nazipeleka kwa broka moja kwa moja bila kugusa shilingi. Kwa hiyo sina kiwango cha kununulia. Huwa naandika mtaji wa shilingi ni sifuri?

Bi_Daftari

Hapana, ukiandika sifuri kila kitu kitaonekana faida. Siku dola zilipokuingia ungeweza kuzibadilisha kuwa shilingi, ukaamua kutozibadilisha. Mimi ningeandika kile ambacho benki ingekupa siku hiyo, yaani kiwango cha kununua, sio cha kati.

Kalamu_na_Dola

Hapo sikubaliani sana. Nisingezibadilisha kamwe, matumizi yangu mengi ni ya dola. Kwangu kiwango cha kati kinatosha.

Bi_Daftari

Ukitumia kimoja bila kuruka ruka sitagombana nawe. Kama matumizi yako ni dola, hata hoja ya kupima kwa shilingi inapungua nguvu. Nyuki ana ada za shule za shilingi, yeye hana njia ya kuikwepa.

Nyuki_Mtulivu

Dada, nimekupata vizuri sana. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, 293,040 si ndiyo pesa nitakayopata nikitoa leo? Pili, mwezi uliopita nilituma tena kidogo, hiyo sikuihesabu hapo juu. Nikijumlisha mitaji miwili asilimia bado ina maana?

Bi_Daftari

La kwanza: hapana. 293,040 ni thamani kwa kiwango cha kati, ambacho wewe hupewi. Tuseme broka anakata dola 25 za kutoa na benki inanunua dola kwa 130. Zinabaki 2,195, mara 130 ni 285,350. Hasara ya mkononi inakuwa asilimia 7.2. Weka seli mbili, moja ya thamani ya karatasi ya kufuatilia mwenendo, nyingine ya mkononi ya kufanyia uamuzi. Na ukigawanya 307,500 kwa 2,195 unapata 140.09. Bei ya hisa ikibaki ilivyo, hicho ndicho kiwango ambacho benki inapaswa kununulia ili urudishe pesa yako tu. Tarishi, kama kuna namba ya kusubiri ni hiyo, sio 150, ingawa hakuna anayejua kama itafika.

La pili: asilimia ya jumla inapotosha, kwa sababu pesa ya mwezi uliopita haijapata muda wa kufanya chochote. Tumia XIRR. Safu A tarehe, safu B shilingi zilizotoka zikiwa hasi, mstari wa mwisho tarehe ya leo na thamani ya mkononi ikiwa chanya.

```
=XIRR(B2:B4,A2:A4)
```

Inakupa asilimia kwa mwaka. Kama pesa yako nyingi haijatimiza mwaka usiiamini, maana hasara ndogo ya miezi miwili inatandazwa kuwa hasara kubwa ya mwaka mzima. Gawio likiingia likabaki kwa broka usiliandike kama pesa mpya, tayari limo kwenye thamani.

Hiyo ya "kidogo" ulituma dola ngapi?

Nyuki_Mtulivu

Dola 1,000, benki ileile, ada ileile. Zilifika 980.

Bi_Daftari

Sina kiwango cha mwezi uliopita, basi nitumie cha mwanzo kwa mfano. Kwa 152 na ada ya 3,500 zingetoka 155,500, na 980 kwa 150 ni 147,000. Zimepotea 8,500, asilimia 5.5 badala ya 3.4. Ada na makato ya njiani hayaangalii ukubwa wa kiasi. Kabla hujatuma tena, kusanya kwanza kwa shilingi, na uulize benki kama OUR inagharimu chini ya dola 20.

Mzee_wa_Safu

Akikusanya miezi sita dola ikipanda je? Anaweza kupoteza zaidi ya hiyo asilimia mbili anayookoa.

Bi_Daftari

Anaweza, na inaweza kushuka pia. Makato anayajua leo, kiwango hakijui. Ningekusanya miezi miwili au mitatu, sio sita.

Nyuki_Mtulivu

Nimeuliza benki asubuhi hii. OUR kwao ni shilingi 2,400 juu ya ada ya kawaida. Kwa 132, dola 20 ni 2,640. Nimeongeza safu ya aina ya gharama kwenye jedwali, nitaona kama 2,000 zitafika kamili.