Bidhaa nyeupe juu ya shuka jeupe: Snapseed, PhotoRoom au Lightroom?

Mfumaji: Ninafuma sweta nyeupe za watoto wachanga na kuziuza nikiwa nyumbani. Ninazipiga picha kwa simu ya kawaida juu ya shuka jeupe, lakini shuka hutoka la kijivu lenye umanjano, na sweta mpya huonekana kama iliyokwisha kuvaliwa. Kati ya programu hizo tatu, ipi itanifaa bila kubadili sura ya bidhaa?

Mwepesi: PhotoRoom. Huondoa mandharinyuma yenyewe na kuweka weupe mtupu kwa muda mfupi, ingawa toleo la bure huacha nembo yake kwenye picha.

Mzee wa Lenzi: Kwa vikombe na viatu nakubaliana na Mwepesi. Uzi, hata hivyo, una vinyweleo, na programu inapotafuta mwisho wa sweta nyeupe juu ya shuka jeupe hubahatisha tu. Ikuze picha utazame shingo na mikono: ukingo ukiwa umenyooka kama uliokatwa kwa mkasi, mnunuzi atadhani huo ni uzi wa aina nyingine.

Mimi ningetumia Snapseed. Fungua `White Balance`, uweke kidonezi, ile alama ya kuchagulia rangi, juu ya shuka, wala si juu ya sweta, kwa sababu uzi wako huenda una rangi ya maziwa na ukiulazimisha uwe mweupe kabisa utakuwa unamdanganya mteja. Kisha fungua `Curves`, shika ncha ya juu kulia na uisogeze kushoto polepole, ukikodolea macho mishono. Inapoanza kufifia, rudi nyuma kidogo. Lightroom hufanya kazi hiyo hiyo vizuri, ila kwa mahitaji haya sioni utakachozidisha.

Duka la Shanga: Mimi huweka filta ya kung'arisha, na shanga zangu hupendeza sana. Je, Snapseed huhariri video pia?

Mzee wa Lenzi: Haihariri video. Filta hiyo nayo huenda ikageuza shanga nyekundu kuwa za chungwa, jambo ambalo mteja hulijua mzigo ukishafika.

Mwepesi: Kwa nini asiongeze tu mwangaza wa picha nzima?

Mzee wa Lenzi: Umanjano utabaki, ila utakuwa umanjano unaong'aa. Mwangaza wenyewe ni bora aupandishe kabla ya kupiga, kwa kugusa sweta kwenye kioo na kusogeza alama ya jua juu kidogo, maana kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi na huupunguza.

Mfumaji: Nimefuata hatua zote. Upande wa taa umetakata, lakini upande wa dirisha umekuwa wa samawati.

Mzee wa Lenzi: Dada, zima taa upige upya. Kidonezi husahihisha rangi moja ya mwanga kwa picha nzima, nawe ulikuwa na mbili.

Mfumaji: Sasa shuka ni jeupe kote. Kimebaki kivuli chini ya mikono.

Mwepesi: Kifute.

Mzee wa Lenzi: Mimi ningekiacha, bila kivuli sweta itaonekana inaelea.