Tupeane uzoefu: mnawafuatiliaje wanaopotea kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza?

Chaki Nyeupe
Kila Januari orodha ya TAMISEMI inabandikwa ukutani, na Februari inaingia majina kadhaa hayajawekewa tiki. Tuanze na hesabu kabla ya kuwalaumu wazazi. Tuseme shule ya msingi ilikuwa na watahiniwa 84, wakachaguliwa 70, na hadi mwisho wa Januari wameripoti shule ya kata 49. Wengi wataandika mdondoko asilimia 30 na kupeleka wilayani. Hao 21 wafuatilieni mmoja mmoja. Wanne mtawakuta shule binafsi, sita wamehama na wazazi wao wako madarasani wilaya nyingine. Wanabaki 11, chini ya asilimia 16. Na fuateni namba ya PReM, msifuate jina. Mwajuma wa huku kule ameandikwa Mwanajuma, basi mtoto mmoja anakuwa mtoro huku na mwanafunzi kule.

Mjukuu wa Mvuvi
Hilo la majina kweli tupu.

Hesabu Safi
Mnajisumbua. Chukua walioandikishwa darasa la kwanza 2018, toa waliomaliza la saba 2024. Tofauti ndiyo mdondoko.

Chaki Nyeupe
Hiyo inakupa dokezo tu. Aliyerudia darasa la nne hajaacha shule, yuko nyuma mwaka mmoja. Halafu wanaohamia wanaziba pengo la walioacha. Shule ya pembezoni mwa mji inaweza kupoteza watoto 20, ikapokea 20, ukaambiwa mdondoko ni sifuri.

Mama Wawili
Samahani walimu, wangu kapangiwa shule ya kilomita 9. Uhamisho naombea wapi?

Mjukuu wa Mvuvi
Aripoti kwanza huko huko, umwone mkuu wa shule. Hakikisha na kwenye mfumo amehamishwa, la sivyo jina lake litabaki kule kama mtoro.

Bibi Ubao
Mnazungumza habari za 70 na kuwasahau 14 ambao hawakuchaguliwa. Jumlisheni na wale 11: watoto 25 kati ya 84 hawako sekondari. Na katika hao 14 kuna ambao hawakufeli, walifelishwa. Binti anaambiwa nyumbani, "Ukifaulu utatutia gharama, mchumba ameshaleta posa." Anaingia chumba cha mtihani na kujaza majibu ya ovyo. Dalili iko wazi kwa anayeitafuta: wekeni matokeo ya utimilifu na ya NECTA kwenye karatasi moja, jina kwa jina. Mtoto aliyekuwa B mwezi wa Julai akatoka na D Septemba, nendeni kwao wiki hiyo hiyo. Mkingoja Januari ameshaolewa.

Hesabu Safi
Wengine huugua siku ya mtihani. D peke yake haithibitishi kitu.

Bibi Ubao
Sijasema inathibitisha. Nimesema inakuonyesha mlango wa kubisha hodi.

Mjukuu wa Mvuvi
Yaani! Na wavulana huku ziwani wanaambiwa hivyo hivyo ili waingie mitumbwini.

Mtendaji
Dawa ni moja. Mzazi mmoja apelekwe mahakamani, kata nzima itashika adabu.

Bibi Ubao
Umeshamtoza faini, kauza mbuzi, kalipa. Binti yuko Dar anafanya kazi za ndani. Nani amerudi darasani?

Mtendaji
Bila sheria hawaogopi.

Chaki Nyeupe
Sheria iwepo, lakini upenyo wenyewe ni Septemba hadi Januari. Miezi mitatu na zaidi mtoto hana mwalimu, hana rejista, ndipo anapochukuliwa. Waiteni siku mbili kwa wiki kwenye jengo la sekondari yenyewe wasome Kiingereza na hesabu, na mahudhurio yaandikwe. Asiyeonekana wiki mbili, mwenyekiti wa kitongoji aulizwe. Januari mpokeeni hata na sare ya msingi, mkubaliane na mzazi tarehe ya kushona mpya. Wapo wanaobaki nyumbani kwa ajili ya sketi na viatu tu. Na aliyeacha kwa ujauzito ana ruhusa ya kurudi tangu 2021, mwambieni mwenyewe, msiishie kwa baba yake.

Rejista
Nyongeza: kagueni rejista yenyewe. Ukiona wiki tatu zimejazwa kwa wino mmoja, mkandamizo mmoja, Ijumaa sawa na Jumatatu, ilijazwa kwa mkupuo. Ruzuku inafuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo wapo wanaoogopa kufuta jina.

Hesabu Safi
Unawatuhumu walimu?

Rejista
Natuhumu rejista. Ingia darasani saa nne, hesabu vichwa, linganisha.

Mama Wawili
Na chakula? Wa kilomita 9 anashinda njaa mpaka saa kumi.

Mjukuu wa Mvuvi
Uji unawabakisha. Ila mchango wa mahindi ukiwa lazima, asiyenao anarudishwa nyumbani, na harudi tena.

Mtendaji
Bila mchango uji unatoka wapi?

Mjukuu wa Mvuvi
Sisi tumejaribu shamba la shule. Mwaka wa mvua linatosha, mwaka wa ukame halitoshi. Mwenye njia nyingine aiweke hapa.