Mjomba amekunywa chang'aa mbaya, haoni, mbona hosi wanampa pombe tena?

Njeri_K: Wadau naombeni msaada. Mjomba alikunywa chang'aa jumamosi jioni, jumapili akaamka na hangova tu akaongeza bia mbili za kutoa loki, jumatatu usiku ndo akaanza kutapika, tumbo linauma na anapumua kwa nguvu kama ametoka kukimbia. Asubuhi akasema anaona kila kitu cheupe kama ukungu. Tumefika hospitali wamemwekea mpira puani wanampitishia pombe, na kesho dayalisisi. Sielewi, si pombe ndo imemuua macho?

Baba Otis: Pole sana. Ni kweli pombe safi inasaidia, sisi 2014 wakati watu walikufa Embu na Kiambu tulisikia hivyo. Hata mzinga wa wiski mpeni nyumbani atapona.

Sista_Wodini: @Baba Otis nusu ni kweli ila hiyo ya nyumbani hapana, anaweza kuzima, na wiski haitoi asidi ambayo imeshajaa kwenye damu. Dada Njeri, kwenye hiyo chang'aa mbaya kuna methanoli, pombe ya sumu, ila yenyewe inalewesha tu. Shida ni ini likianza kuibadilisha, mwishowe inakuwa asidi ya fomiki, ile inazima vinu vya nguvu ndani ya seli, na mshipa wa fahamu wa jicho unakula nguvu nyingi ndo maana unaumia mapema. Sasa ini linapenda ethanoli, yaani pombe ya kawaida, kuliko methanoli, likipewa ethanoli ya kipimo linashughulika na hiyo, methanoli inabaki bila kugeuka asidi mpaka dayalisisi iitoe. Ila mashine inatoa na ethanoli pia, kwa hiyo wakati wa dayalisisi dozi huongezwa, ulizeni kama wamelikumbuka hilo. Ipo dawa ya kufanya kazi hiyohiyo, fomepizoli, ni ghali na hospitali nyingi hazina. Dripu ya baikaboneti ni ya kupunguza asidi, na asidi ya foliki inasaidia mwili kuimaliza ile fomiki.

Kamau_Thika: Mama yangu pia aliona ukungu, ikawa mtoto wa jicho, wakamfanyia oparesheni sasa anaona fiti. Mpelekeni kliniki ya macho.

Njeri_K: Asante Kamau ila huyu imekuja ghafla macho yote mawili. Sista ataona tena? Na mbona ilichelewa hivyo?

Sista_Wodini: Zile bia za jumapili zilikuwa zinalizuia ini, zikaisha ndo asidi ikaanza. Kuona siwezi kukuahidi. Wengine hurudi kidogo kwa siku au wiki za mwanzo, wengine hurudi halafu tena wanapoteza kwa sababu mshipa unakauka polepole. Mboni zikiwa kubwa na haziitiki mwanga wa tochi, hiyo si dalili nzuri. Muhimu zaidi, aliokunywa nao wako wapi? Wapelekwe leo hata kama wako sawa.

Njeri_K: Walikuwa wawili. Mmoja tumemleta, damu yake imeonyesha asidi na alikuwa anacheka tu. Mwingine amekataa, anasema mbona anaona vizuri. Naenda kwake sahizi na mke wake.