Tuliojifungua tukaanza kuvuja mkojo tukikohoa au kucheka, tupeane uzoefu

MamaWawili
Habari za jioni wapendwa. Naanza mimi, maana najua hili jambo tunalo wengi ila kila mtu kakaa nalo kimya na pedi zake.

Nina miaka 31. Mtoto wa pili ana miezi mitano, alizaliwa kawaida akiwa na kilo 4.1. Nilisukuma karibu saa mbili, nikaongezewa njia na kushonwa. Wiki ya tatu nikashikwa na mafua. Nimesimama jikoni napembua mchele, nikakohoa, nikasikia kitu cha moto kinashuka mpaka kwenye ndala. Nikajua damu ya uzazi imerudi. Kuangalia, mkojo.

Tangu siku hiyo ni kukohoa, kupiga chafya, kucheka, kuinua ndoo. Nikisikia chafya inakuja navuka miguu kwanza. Juzi kwenye kicheni pati ya mdogo wangu mshereheshaji alituvunja mbavu, mwenzenu nikabaki nimekalia kanga iliyokunjwa mara nne, wanacheza mimi napiga makofi tu. Waliniona nina maringo.

Nilikojifungulia waliniambia nifanye mazoezi ya Kegel: ukiwa unakojoa, kata mkojo, achia, kata tena. Nimefanya miezi miwili kila niingiapo chooni. Sijaona tofauti hata ya tone. Mliopona mlifanyaje?

Kisura_Kahama
Hiyo UTI dada. Kapime.

MamaWawili
Nimepima mara tatu mpenzi, mkojo safi. Mara ya kwanza hata hawakusubiri majibu, nikapewa vidonge vya siku saba nikameza bure. Hauchomi, hauna harufu, siendi chooni mara kwa mara. Nikitulia hautoki.

BibiWaTanga
Nyie wa siku hizi mnatoka hospitali leo, kesho mko kwenye bodaboda. Sisi tulikandwa maji ya moto, tukafungwa mkanda siku arobaini, na shabu ya kukalia ikawepo. Mimi nimezaa saba na mwili ulirudi.

Ila tusidanganyane, toka yule wa tano nikikohoa kidogo kanatoka. Lakini si ndiyo uzazi wenyewe?

Mwl_Rehema
Mimi dawa yangu ni kuacha maji. Nikiwa na vipindi vya asubuhi sinywi kitu mpaka saa saba. Inasaidia sana, jaribu.

FizioWaWodini
Kazi yangu ni fiziotherapia, nawaona wazazi wa namna hii kila wiki. MamaWawili, kabla sijasema kitu naomba unijibu kimoja: ukibana, huwa unavuta kuelekea juu au unasukuma kuelekea chini? Usinijibu kwa kukisia.

Nawa mikono, lala chali, kunja magoti. Mkono mmoja uweke tumboni, kidole kimoja cha mkono mwingine kiingize ukeni, kifike kwenye pingili ya pili. Sasa bana kama mtu aliyebanwa na ushuzi mbele ya mama mkwe. Anzia nyuma, kisha vuta kuja mbele kana kwamba unazuia na mkojo. Kidole kinatakiwa kishikwe na kivutwe kwenda ndani. Kikisukumwa nje, au tumbo likivimba chini ya mkono wako, umekosea. Kama mshono bado unauma, tumia kioo: ile nyama ya kati ya uke na njia ya haja kubwa inatakiwa inyanyuke, isitune.

MamaWawili
Jamani. Kidole kinasukumwa nje! Na nimegundua nabana pumzi, makalio nayo yamekaza kama jiwe.

FizioWaWodini
Basi miezi miwili ulikuwa unafanya zoezi la kuvuja. Usijilaumu, kina mama wengi wakiambiwa kwa mdomo tu hufanya hivyo hivyo.

Ile misuli imetandazwa chini ya nyonga kama kitanda cha kamba, kuanzia mfupa wa mbele mpaka kifandugu. Kibofu kimeegemea hapo. Ukikohoa, tumbo linakandamiza kibofu, na misuli inatakiwa ijibu kwa kunyanyuka ili njia ya mkojo ibanwe. Mimba imeilemea miezi tisa, kisha kichwa cha mtoto wa kilo 4.1 kimeivuta kuliko kamba yoyote unayoijua. Imelegea, na imechelewa kujibu. Wewe ukaja ukaizidishia kusukuma.

Na hilo la kukata mkojo liache. Mara moja ya kuitambua misuli haina ubaya, lakini ukilifanya kila siku kibofu kinajifunza kutomaliza, mkojo unabaki, na hapo ndipo UTI ya Kisura inapoweza kuja kweli.

Anza hivi. Lala chali, vuta juu, hesabu 3 huku unapumua kawaida, achia kabisa, pumzika kwa hesabu ile ile. Fanya 5 tu. Ya sita ikiwa haishiki, usiilazimishe, maana makalio yatakuja kusaidia. Asubuhi, mchana, usiku. Kila wiki ongeza hesabu moja ukiweza, mpaka ushike 10 na ufanye 8 hadi 10 kwa mkupuo. Ukimaliza za polepole, fanya chache za haraka: vuta, achia. Ukizoea, hamia kukaa, kisha kusimama, maana hatukohoi tumelala tu.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho wengi hawaambiwi: bana KABLA. Ukisikia kikohozi kinakuja, vuta juu kwanza, shikilia, kohoa, ndipo uachie. Vivyo hivyo kabla ya kuinua ndoo au kumnyanyua mtoto. Hicho unaweza kukiona kazi yake ndani ya wiki chache. Nguvu yenyewe ya misuli isubiri miezi mitatu.

AchiengMamaT
Na sisi wa oparesheni? Mimi niko Kisumu, nilipasuliwa na bado nikicheka navuja. Niliambiwa ukipasuliwa huwezi pata hii kitu.

FizioWaWodini
Uwezekano unapungua, hauishi. Mzigo wa mimba umeubeba wewe pia. Zoezi ni lile lile.

Mwl Rehema, maji usiyaache. Mkojo ukiwa mzito kibofu kinawashwawashwa, na choo kinakuwa kigumu. Kujikamua chooni kila asubuhi ni kusukuma chini kulekule tunakokukimbia. Bibi, mkanda ukikazwa sana nao unakamua tumbo kuelekea chini. Na shabu inakausha tu ngozi na kuichubua, kwenye misuli haifiki.

BibiWaTanga
Shabu tumeitumia miaka na miaka, leo imekuwa mbaya. Haya.

BintiWaMvita
Mimi langu ni la udhu. Natawadha, nafika kwenye sijda, nikiinuka nasikia kitone. Narudi kutawadha, tena na tena. Nilisikia mwenye shida hii anatawadha mara moja kwa kila sala na hata kikitoka anaendelea. Ni kweli?

UmmuSalha
Hiyo ni kwa yule ambaye mkojo haukatiki, hapati muda wa kutosha kusali akiwa safi. Wewe unatoka kwa kuinuka tu, si sawa na yeye.

BintiWaMvita
Lakini kwangu hakuna sala inayopita bila kutoka. Nitamuuliza shekhe, ingawa kumwambia mwanamume habari hizi…

FizioWaWodini
La sheria sina elimu nalo. La mwili ni hili: bana kabla ya kuinuka, na toa pumzi unapoinuka badala ya kuizuia.

BabaJunior
Naomba kuuliza ingawa mimi ni baba. Dada yangu yuko kijijini, alikaa na uchungu siku mbili, mtoto akafariki. Tangu hapo mkojo unatoka muda wote, hata amelala, godoro linaloa. Watu wameanza kumkwepa. Nimpe mazoezi haya?

FizioWaWodini
Hapana, kaka. Huo si mkojo wa kikohozi. Unaotoka usiku na mchana bila sababu, baada ya uchungu wa muda mrefu, tunafikiria fistula: kichwa cha mtoto kimekandamiza sehemu moja mpaka pakatoboka kati ya kibofu na uke. Tundu halizibwi na zoezi, linashonwa na daktari aliyefunzwa kazi hiyo. Dar es Salaam hospitali ya CCBRT hutibu fistula bila malipo. Usimsubirishe. Mwambie anywe maji ya kutosha, maana wengi huacha maji kwa aibu na mkojo unazidi kuchubua ngozi.

BabaJunior
Nimeelewa. Nampigia simu sasa hivi.

MamaWawili (wiki ya 5)
Narudi na ripoti. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nafanya huku nimeweka mkono tumboni kama askari, kila likivimba naanza upya. Nilianza na hesabu 3, sasa nashika 6. Kubana kabla ndiko kumeniokoa: chafya nne kati ya tano napita mkavu. Ya tano ni ile inayokuja bila hodi. Kwenye kucheka bado, kicheko hakitoi taarifa.

Nafanya kila ninaponyonyesha, ndiyo maana sisahau.

MamaWawili (mwezi wa 3)
Pedi tatu kwa siku zimekuwa moja, na hiyo moja ni ya woga. Kikohozi kimeisha. Kucheka sawa, isipokuwa nikiwa na kibofu kilichojaa. Kuruka kamba na watoto bado, miruko mitatu tu nalowa.

Neema_wa_Kimara
Hongera. Mimi mwenzenu nimefanya miezi sita, nimekaguliwa kabisa na mtaalamu akasema nabana sawasawa, na bado navuja nikitembea haraka. Mtoto wangu alitolewa kwa vakyumu. Nimetajiwa upasuaji wa kuwekewa mkanda chini ya njia ya mkojo, ila daktari mwingine akasema kwanza nimalize kuzaa. Nina mmoja tu na nataka wengine. Sasa nisubiri mpaka lini?

FizioWaWodini
Kuna wanaobana vizuri na bado haitoshi, misuli au nyuzi zake ziliumia zaidi. Ushauri wa kumaliza kuzaa kwanza ndio wa kawaida, kwa sababu mimba nyingine inaweza kuharibu kazi iliyofanywa. Katikati hapo kuna pesari, kipete cha mpira laini kinachokaa ukeni na kuegemeza njia ya mkojo. Wengine hukivaa wakati wa kazi au mazoezi tu. Kinapimwa na kuchaguliwa saizi, hakinunuliwi kwa kukisia. Muulize daktari wako kama anacho. Si kila mahali kinapatikana, na hilo sina jibu lake.

BibiWaTanga
Mnisamehe, nimekuwa nikifanya kimya kimya. Nina miaka 68. Juzi nimekohoa msibani, nikabana kwanza, nikabaki mkavu, nikashangaa mwenyewe. Ila nikibana mara tano paja la kushoto linatetemeka. Ni dawa inafanya kazi?

FizioWaWodini
Hapana bibi, paja halihusiki. Rudi kulala chali, anza na tatu.

BibiWaTanga
Haya mwanangu. Na mama mkwe wangu alishafariki, nimfikirie nani?