Mpangilio wa mwalo wetu: vichanja vya dagaa, banda la mauzo na kasha la barafu vikae wapi?

KatibuWaMwalo
Wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa BMU katika mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, upande wa Buchosa. Tumepata kiwanja chenye upana wa mita 30 kando ya ufuko na kina cha mita 70 kuelekea barabarani, nacho kinateremka taratibu kuelekea ziwani. Katika siku za giza, mavuno yakiwa mazuri, tunapokea ndoo 60 hivi za dagaa za lita 20 kwa usiku mmoja, pamoja na sangara wachache wanaosubiri gari la barafu. Fundi ametuchorea ramani inayoweka banda la mauzo na kasha la barafu mbele kabisa, karibu na mitumbwi, vichanja katikati, na sehemu ya kuoshea juu kabisa, kwa kuwa tangi la maji lipo huko. Wanikaji hawaitaki ramani hiyo ila wameshindwa kunieleza sababu kwa namna ambayo kamati itaielewa. Naomba ushauri kabla hatujamwaga zege.

MvuviMstaafu
Ndugu katibu, nilifanya kazi ya ugani wa uvuvi kwa miaka mingi katika mialo ya ziwa hilo, na naona wanikaji wenu wana haki kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni upepo. Mchana, saa ambazo dagaa wako juani, upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku hugeuka. Banda lenye kuta likikaa mbele ya vichanja litaukinga upepo uleule unaokausha. Kama kuna mwalo jirani wenye kosa hilo, nenda kawashike dagaa saa saba mchana: walio kwenye vichanja vya pembeni watakuwa wanavunjika mkononi, na walio nyuma ya banda bado watakuwa wanapindika na kunata kwenye wavu.

Ya pili ni maji. Mkioshea juu, maji yenye magamba na damu yatateremka yakipita chini ya vichanja. Ardhi hiyo haitakauka, inzi watazaliana hapo, na unyevu utapanda kwenye samaki mnaohangaika kuwakausha. Tangi kuwa juu si sababu ya kuoshea juu, kwa maana bomba hushuka lenyewe bila pampu.

Ushauri wangu ni kwamba msikate kiwanja kwa mapande ya kukingama kama alivyofanya fundi. Kikateni kwa urefu. Acheni ukanda wa mita 10 upande mmoja, kutoka ufukoni hadi barabarani, uwe njia ya mikokoteni, mauzo na barafu. Mita 20 zinazobaki ziwe za dagaa peke yake: chini karibu na ziwa sehemu ya kupokelea na kuoshea, halafu vichanja vikipanda juu. Hivyo kila ukanda utashusha maji yake wenyewe, nayo yaishie kwenye shimo la kunyonya kabla ya kufika ziwani.

Mama_Vichanja
Shikamoo mzee. Umesema tuliyoshindwa kuyasema. Naongeza jambo la hesabu, maana ndoo 60 si mchezo. Kwetu ndoo moja ya lita 20, ikitandazwa vizuri bila dagaa kulaliana, inakula kama mita 5 za mraba, kwa hiyo mnahitaji mita 300. Kichanja cha urefu wa mita 10 na upana wa mita 1.5 kina mita 15, basi ni vichanja 20. Msishawishike kuongeza upana ili mpunguze idadi, kwa sababu mwanikaji husimama kila upande akanyoosha mkono hadi katikati kugeuza, na dagaa asiyefikiwa huoza palepale. Urefu kutoka chini uwe wa kiunoni. Kati ya kichanja na kichanja acheni mita moja, la sivyo mwenye beseni kichwani hapiti.

MvuviMstaafu
Marahaba, mama. Kwa vipimo hivyo, katika upana wa mita 20 vinakaa vichanja 8 vikiwa vimelala kwa urefu kuelekea ziwani. Safu tatu za namna hiyo, zenye nafasi ya mita 2 kati yake, zinachukua kina cha mita 34 na kuwapa vichanja 24. Vinne vya ziada ni vya siku ambayo mvua imewazuia kuanua mzigo wa jana.

SheriaKwanza
Mnapoteza muda. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kitu chochote ndani ya mita 60 kutoka ziwani, hata kichanja cha miti. Kiwanja chote hicho kitabomolewa.

MvuviMstaafu
Ndugu, mita 60 ni kweli, lakini kifungu cha 57 kinazungumzia shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru mazingira ya ufuko, hakikusema "chochote". Hata hivyo, katibu asilipuuze hilo: amwone afisa mazingira wa wilaya kwa maandishi kabla ya zege. Tena ziwa lenyewe ni hakimu mkali. Mei 2020 lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, na miundombinu mingi ya ufukoni ikaingia majini. Ndiyo maana ningeweka zege, yaani banda na kasha la barafu, juu kabisa ya ule ukanda wa mita 10, karibu na barabara, na huku chini nikaweka miti inayong'oleka.

KijanaWaKilwa
Huku kwetu pwani dagaa tunawachemsha kwa maji ya chumvi kabla ya kuwaanika. Mbona hamjapanga majiko? Moshi ukipita kwenye samaki wabichi wa kuuza, wateja wanakimbia.

Mama_Vichanja
Mdogo wangu, hawa wa kwetu hatuwachemshi, tunawaanika wabichi. Hilo ni la kwenu.

KatibuWaMwalo
Nawashukuru. Swali langu limebaki kwenye barafu. Kasha likiwa juu, sangara watabebwa mita 60 kutoka mtumbwini juani. Je, si bora liwe chini?

MvuviMstaafu
Barafu iende kwa samaki, si samaki aende kwa barafu. Shusheni alfajiri makasha madogo yenye barafu iliyopondwa hadi sehemu ya kupokelea, sangara aingizwe humo palepale, uzito wa barafu ukikaribia uzito wa samaki, kisha mkokoteni upande naye. Kasha kubwa linabaki kuwa ghala, nalo likikaa karibu na barabara gari linashusha barafu bila kukanyaga eneo la dagaa. Mlango usitazame jua la mchana, sakafu iwe na mteremko, na barafu ikae juu ya chaga ili isilale kwenye maji yake. Kujua kama kasha linafaa, pimeni kilo za barafu, fungeni siku nzima bila kufungua, halafu pimeni iliyobaki. Fanyeni jaribio hilo kabla ya kumlipa fundi.

Mama_Vichanja
Mzee, hapo kwenye vichanja kulala kuelekea ziwani sikubaliani nawe kabisa. Sisi tumevikingamisha na upepo, na safu ya mbele hukauka saa sita.

MvuviMstaafu
Safu ya mbele, ndiyo. Na ya tatu?

Mama_Vichanja
Ya tatu huchelewa hadi saa kumi. Lakini tuna safu mbili tu zinazotumika kila siku, kwa hiyo kwetu haijawa tatizo.

KatibuWaMwalo
Sisi tutakuwa na tatu. Nitajenga vichanja sita vya majaribio, vitatu kila namna, katika giza lijalo, nilete majibu hapa. Fundi nimemwambia asimamishe zege.