Seti ya gesi ya Mama Nuru (gumzo la Majirani Tabata)

Mama Nuru: Jamani majirani habari za jioni, mwisho wa mwezi nahamia Dodoma so nauza seti yangu ya gesi. Kuna mtungi wa kilo 15 na gesi imo, jiko la pleti mbili, regyuleta yake, na mpira mpya sijautumia maana ule wa zamani ulishaanza kupasuka pale kwenye klipu nimeutupa. Vyote laki na kumi

Kelvin: Mama Nuru niuzie jiko tu, mtungi ninao

Mama Nuru: Jiko peke yake 40 mdogo wangu, ila nikilitoa huyu wa mtungi atanihangaisha. Nataka viende pamoja

Mama Upendo: Huo mtungi mdogo wa kilo 6 bei gani?

Mama Nuru: Shoga ni wa 15 😂

Mama Upendo: Aah sikusoma. Ila chukueni seti nawaambia, mimi nilinunua jiko Kariakoo, mtungi kwa mtu, regyuleta dukani, kufika nyumbani regyuleta haiingii kwenye mtungi. Nikanunua nyingine 22 elfu, ile ya kwanza mpaka leo wanachezea watoto

Kelvin: Regyuleta si zote sawa tu, unakandamiza inaingia

Baba Zuu: Kelvin usikandamize baba. Midomo ya mitungi haifanani, kampuni hii na ile saizi tofauti, nimeuza gesi miaka sita najua. Ukilazimisha inaweza kukaa ila inavuja pembeni. Ikishakaa pakaa povu la sabuni, ukiona mapovu yanavimba funga mtungi. Usijaribishe na kiberiti

Bi Rehema: Hiyo gesi imebaki kiasi gani? Maana "imo" kila muuzaji anasema

Mama Nuru: Nimeutikisa unasikika mzito dada

Baba Zuu: Kutikisa hakusaidii. Angalia kwenye shingo ya mtungi pamechongwa TW na namba, huo ndio uzito wake ukiwa mtupu. Upeleke kwenye mzani wa duka la mkaa hapo kona, utoe hiyo namba, kinachobaki ndio gesi

(baada ya nusu saa)

Mama Nuru: Haya nimempa bodaboda buku. TW 15.4, mzani umesema 22.5

Baba Zuu: Kilo saba na kidogo, karibu nusu. Kujaza wa 15 mimi juzi nimelipa 57, so hapo kuna gesi kama ya 27 elfu

Bi Rehema: Kwa hiyo jiko 40, gesi 27, regyuleta na mpira tuseme 25, ni 92. Mtungi wenyewe unanijia kwa 18?

Mama Nuru: Ndo hivyo, na mtungi mtupu hupati kwa bei hiyo. Nikiuza kimoja kimoja napata zaidi ila nitabaki na mpira mkononi lori linanisubiri

Bi Rehema: Laki moja nakuja saa hizi na povu langu

Mama Nuru: Laki na tano, njoo. Pleti ya kushoto haijiwashi yenyewe, washa na kiberiti

Kelvin: Sasa jiko langu mimi?